Kuezeka Huanza kwa Kuezua

Mjomba alipanda ngazi, akazamisha mkono kwenye makuti ya kipaa cha nyuma mpaka kiwiko kikapotea, kisha akauchomoa na konzi ya majani meusi. Akayakamua. Maji hayakutoka, lakini kiganja kililowa. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba, na masika katika kijiji chetu, kusini ya Mto Pangani, yalikuwa yamekatika tangu mwishoni mwa Mei. Jua la miezi mitatu lilikuwa limelipiga paa lile bila kulikausha.

"Mama," alimwita bibi akiwa bado juu ya ngazi, "hili halizibwi. Linaezuliwa."

Bibi alikuwa amekaa barazani akipepeta mpunga. Alisimama, akaja chini ya ngazi, akapokea konzi ile ya majani na kuinusa. Hakubisha. Nyuma yake, katika chumba kile kile kilichokuwa chini ya kipaa kilichooza, yalikuwa yamepangwa magunia 11 ya mpunga wa mwaka ule juu ya uchaga wa miti. Vuli huanza kwetu Oktoba. Mpunga ulioanikwa vizuri hukaa mwaka mzima, lakini gunia likidondokewa na maji usiku mmoja tu huota ukungu kuanzia katikati, mahali ambapo mtu haoni mpaka siku ya kulifungua.

Ndiyo sababu kazi ya paa kwetu hufuata mavuno. Kabla ya mavuno kila mtu yuko bondeni akiwinga ndege. Baada yake kuna chakula cha kuwapikia wasaidizi, kuna nguvu kazi, na kuna kitu ndani cha kulindwa. Upepo wa kusi unaovuma tangu Aprili nao huwa umepungua, kwa hiyo mtu anaweza kukaa juu ya fito bila kupeperushiwa makuti yake. Nafasi yote hiyo ni ya wiki tano au sita.

Aibu ya paa lile ilikuwa yetu wenyewe. Miaka mitatu nyuma lilipoanza kuvuja, tulinunua makuti tukayapanga juu ya yale ya zamani. Ilituchukua siku moja, na tukajiona tumeokoa kazi. Mzee mmoja jirani, fundi aliyeezeka nyumba nyingi za kijiji kile, alituonya siku hiyo hiyo, nasi tukamsikiliza kwa adabu bila kumfuata. Safari hii mjomba alimwendea mapema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mmekuja kuniambia nini ambacho sikukijua?"

Alikuja kesho yake asubuhi na mundu na kamba ndefu. Alichotueleza chini ya ule mwembe ndicho ninachotaka kukiandika hapa, kwa sababu nimeona nyumba nyingi za pwani zikivuja kwa kosa lile lile, na wenyewe wakiwalaumu minazi.

Kuti moja la kuezekea, lile tunaloliita kuti la kiungo, ni majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa pamoja. Kila jani ni kama mfereji mdogo. Tone la mvua huanguka juu yake, huteremka hadi kwenye ncha, hudondokea jani la safu ya chini, na kuendelea hivyo mpaka kwenye mchirizi. Paa la makuti halizuii maji kwa kuziba, maana kila mahali lina upenyo. Linayakimbiza kabla hayajapata muda wa kuzama. Kwa hiyo mteremko ndio paa lenyewe. Jani likilala, maji husimama, kisha hurudi nyuma kuelekea kwenye kijiti na kuingia ndani.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Kila kuti hukaa juu ya migongo ya makuti ya chini yake, na unene wa yale ya chini huinyanyua ncha ya lile la juu. Ndiyo maana majani ya paa siku zote yamelala kidogo kuliko makombamoyo yanayoyabeba. Sisi tuliongeza tabaka nzima juu ya tabaka nzima. Ncha zikanyanyuka zaidi, majani yakakaribia kulala kitandani, na yale ya zamani yaliyokuwa chini yakawa kama sifongo linalowalowesha wageni wake. Makuti mapya yaliozea upande wa chini huku juu yakionekana mazuri.

Kuezua kulichukua siku mbili. Kazi hii haina sifa. Vumbi la masizi huingia kila mahali, nge huanguka, na panya wenye watoto hukimbilia nyumba ya jirani. Wajukuu walipewa kazi ya kuchambua: kuti ambalo majani yake bado yana nguvu pembeni, lililooza motoni. Magunia ya mpunga yalihamishiwa kwa dada yangu. Mchana wa siku ya pili nyumba ilikuwa imebaki mifupa, na tuliona kitu ambacho makuti yalikificha.

Mgongo wa paa ulikuwa umebonyea katikati. Nyumba ya bibi ina upana wa mita 6, na babu aliijenga kwa kanuni ya zamani: urefu kutoka kwenye mtambaapanya hadi kileleni uwe sawa na nusu ya upana, yaani mita 3. Fundi alifunga jiwe kwenye kamba, akaishusha kutoka kileleni, akaipima kwa mikono yake na mjomba akahakikisha kwa futi kamba. Ilikuwa mita 2 na sentimita 40. Nguzo mbili za kati zilizobeba mgongo zilikuwa zimeliwa na mchwa chini ya ardhi, na zilikuwa zimezama taratibu bila mtu kuona. Paa lilikuwa limelala kwanza, na sisi tukalilaza mara ya pili kwa kuliongezea makuti.

Ukitaka kujua kama paa lako limebonyea, simama mbali wakati wa magharibi, jua likiwa nyuma ya nyumba, utazame mstari wa kilele. Jicho hulikosa jambo hili mchana, lakini dhidi ya mbingu ya jioni mgongo uliopinda huonekana wazi.

Nguzo mpya zilikuwa za mtiki, unaopandwa Longuza kule Muheza. Zamani zingekuwa za mkoko, na babu alitumia mkoko, lakini mikoko siku hizi haikatwi bila kibali, na ni vizuri iwe hivyo. Miguu ya nguzo iliunguzwa juu juu kwa moto na kupakwa oili chafu kabla ya kufukiwa. Watu sita walinyanyua mgongo kwa magogo, nguzo zikaingizwa, kamba yenye jiwe ikashushwa tena: mita 3 kasoro vidole viwili. Fundi alitikisa kichwa kuridhika, akaenda kunywa uji.

Kisha ikaja hesabu, na hesabu ndiyo iliyoleta ugomvi.

Urefu wa kipaa kutoka kileleni hadi mwisho wa mchirizi ulikuwa karibu mita 5, na upana wake mita 8. Fundi hupanga fito kila baada ya nyanda sita, upana wa vidole sita, ambao ni kama sentimita 12, na kila ufito hubeba safu moja ya makuti. Hiyo ni safu 42. Kuti moja, baada ya kupandanishwa na mwenzake pembeni, hufunika sentimita 70, kwa hiyo safu moja hula makuti 12. Kipaa kimoja makuti 504, viwili 1,008. Visusi viwili vya ubavuni, kila kimoja 125. Kilele 40. Jumla inakaribia 1,300, au korija 65 kwa hesabu ya wauzaji wa makuti, korija moja ikiwa 20.

Tulikuwa na korija 46.

Makuti hayo 920 hayakununuliwa. Bibi ana minazi 22. Mnazi mzima huangusha kuti moja hivi kila mwezi, 12 kwa mwaka, na kuti moja lililoanguka, ukiondoa majani mafupi ya nchani, hutoa makuti manne ya kuezekea. Minazi yake yote ingeweza kumpa zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Lakini baadhi ya makuti huishia jikoni, mengine uani, na minazi mitatu ilikuwa imeshambuliwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Chonga hutoboa kwenye moyo wa mnazi majani yakiwa bado yamekunjwa, na kuti linapokuja kufunguka linaonekana kama limekatwa kwa mkasi pande zote mbili. Kuti la namna hiyo halishoneki.

Mmoja wa binamu zangu alipiga hesabu yake kwa kijiti ardhini. Tukipanga fito kila nyanda tisa badala ya sita, alisema, kila kipaa kitakuwa na safu 28, na makuti tuliyonayo yatatosha nyumba nzima na ya ziada yatabaki. Alikuwa amehesabu sawasawa. Watu wazima watatu walikubaliana naye, na mimi nikiwemo.

Fundi hakugomba. Alichukua kuti moja akalilaza mapajani na kupima majani yake yanayoning'inia: sentimita 45. "Nyanda sita," alisema, "kila mahali pa paa panafunikwa na majani matatu, pengine manne. Nyanda tisa, mawili na nusu. Leo halitavuja. Lakini upepo na jua vitakula ncha, mwaka kesho jani hili litakuwa limepungua shubiri nusu. Basi hesabu tena."

Tulihesabu. Jani likibaki sentimita 35 kwenye nafasi ya 18, zipo sehemu ambazo zingebaki na jani moja tu. Bibi, ambaye alikuwa kimya muda wote, alisema tutashona mengine, na yatakapofikia hapo ndipo tutakapofikia.

Kwa hiyo fundi na vijana walipokuwa wakifunga fito, wanawake walihamia chini ya mwembe. Makuti makavu yaliyookotwa mashambani kwa majirani yalichanwa majani, yakalowekwa ili yasikatike, kisha ushonaji ukaanza. Upongoo, ule uti mnene wa kuti, hupasuliwa kuwa vijiti vya urefu wa hatua moja. Jani hukunjwa juu ya kijiti, linalofuata hulalia nusu ya mwenzake, na uzi wa ukindu huyapitia yote karibu na kijiti. Dada alikuwa mwepesi. Bibi alikuwa mwepesi zaidi. Kila kuti lililokamilika aliliinua kuelekea juani: nuru ikipenya kati ya majani, alilirudisha kwa aliyelishona bila kusema neno. Nililetewa yangu mawili. Katika siku kumi walipata korija 13.

Tulikuwa sasa na makuti 1,180. Vipaa vyote viwili, kilele, na kisusi kimoja vingemaliza 1,173. Kisusi cha pili kingevaa makuti bora ya zamani yaliyochambuliwa na watoto. Mjomba aliuliza kwa nini tusiyagawanye yale ya zamani kidogo kidogo kila mahali, ili nyumba isiwe na upande dhaifu. Fundi alikataa. Kuti la zamani likichanganywa na mapya huoza kabla yao na kuacha shimo katikati ya paa zima, na kuliziba unalazimika kuyasumbua yaliyo mazima. Likikaa peke yake, utajua siku zake zimeisha na utaezua upande ule tu.

Kamba nayo ilikuwa na maneno yake. Tanga ni nchi ya mkonge na kamba za katani ni rahisi kupatikana, lakini katani ikilowa mara kwa mara huoza upesi. Fundi hufungia kamba ya makumbi ya nazi, ile inayofukiwa ufukweni miezi kadhaa kisha kupondwa na kusokotwa, kwa sababu haiogopi maji. Misumari hakuitumia kabisa. Chumvi ya bahari huila, na kijiti cha kuti hupasuka kikipigiliwa.

Vuli lilikuwa linanusa. Asubuhi za mwisho wa Septemba zilikuwa zimetulia, na mawingu yalikuwa yakijikusanya baharini jioni kisha kutawanyika. Kabla ya kuezeka, fundi alitaka matawi ya mwembe yaliyoinamia kipaa cha nyuma yakatwe. Bibi hakupenda, maana mwembe ule ni wa babu. Lakini kivuli ndicho kilichofanya upande ule uoze kuliko wa mbele: jua halikufika, na majani ya mwembe yaliyoanguka yalikaa juu ya makuti kama kitambaa kibichi. Matawi matatu yalikatwa.

Kuezeka kwenyewe ndiko kulikochukua muda mfupi kuliko yote, siku nne tu. Kazi huanzia chini kwenye mchirizi na kupanda. Safu ya kwanza huwa maradufu, kwa kuwa haina mwenzake wa kuisaidia chini. Watu wawili hukaa juu wakifunga, wawili chini wakirusha makuti, na mmoja ndani ya nyumba akiangalia kamba zikipita. Kila safu huanza nusu kuti mbali na ile ya chini yake, ili maungio yasilingane. Visusi hutangulia, vipaa vikaja kuvifunika ukingoni, na juu kabisa huachwa upenyo mdogo wa moshi. Jiko la bibi siku hizi liko nje, na hilo linapunguza hatari ya moto, ambayo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika nyumba ya makuti. Lakini moshi ulikuwa ukifukuza wadudu, na sasa ni lazima mtu akague makombamoyo mwenyewe: unga mweupe sakafuni asubuhi ni dalili kwamba bungua yumo ndani ya mti.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini bibi haezeki bati amalize. Swali lake si la kipuuzi, na familia zinazochagua bati sizilaumu. Bati haliungui, halihitaji siku kumi za kushona, na maji yake yanakingika safi kwenye pipa. Lakini makombamoyo ya nyumba ile ni miti ya duara iliyopinda, na bati linataka mbao zilizonyooka, kwa hiyo gharama ni ya kenchi nzima mpya. Karibu na bahari hushika kutu. Na bibi hulala mchana.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa wiki ya tatu ya Oktoba. Sote tuliamka. Mjomba alizunguka na tochi chumba kwa chumba, na katika chumba cha mbele alikuta matone yakianguka sakafuni katika mstari ulionyooka kama uzi. Hakuhitaji kumwita fundi ili kujua. Mstari ulionyooka kutoka juu kwenda chini maana yake maungio ya makuti yalilingana safu baada ya safu: siku ya tatu wasaidizi wawili waliokuwa wakianzia pande mbili walikutana katikati, na wakasahau kuhamisha nusu kuti. Kama kuti lingekuwa limechoka, tone lingedondoka mahali pamoja na kuacha doa la duara. Kama mteremko ungekuwa mbaya, fito zote zingelowa bila tone maalumu. Hili lilikuwa la kupachika tu. Asubuhi fundi alipenyeza makuti matano kutoka ndani, kila moja likalalia ungio, akayafunga. Yalikuwa yamebaki saba.

Mchana jua lilipotoka, nililala chali sakafuni nikatazama juu. Vidoa vya nuru vilionekana huku na kule, nikaingiwa na wasiwasi. Fundi alicheka kidogo akaniambia nisitazame nuru, nitazame miti. Nuru hupita baina ya safu kwa ulalo, njia ambayo maji hayapandi. Alama ya kuvuja ni mchirizi mweusi kwenye kombamoyo. Hakukuwa na hata mmoja.

Magunia yalirudi siku ile ile, 10 badala ya 11, maana moja lilikuwa limepikwa. Kisusi cha upande wa magharibi bado kina makuti ya zamani na kitaezuliwa Februari, kabla ya masika. Kinahitaji makuti 125. Bibi, mpaka naandika haya, ameshashona 60.